KUSIKILIZA NI KAZI YA KUJIFUNZA

(Maneno yaliyosemwa Isiolo mbele ya viongozi wapya wa vikundi vya kazi)



Juzi ulikuwa mmoja katika watu wanane wenye sururu. Leo umepewa daftari la majina, nawe waitwa kiongozi wa kikundi. Kazi ya mtaro waijua, na mabomba wayajua; lakini tangu asubuhi watu watakuja kwako na maneno, na hayo maneno ndiyo kazi yako mpya. Wako wanaodhani kwamba kusikiliza mtu huzaliwa nako, kama sauti nzuri ya kuimba. Sivyo. Hufundishika kama kuunga bomba, kwa hatua na kwa kurudia.

Wengine walijifunza hayo zamani. Katika kiwanda cha vyombo vya simu cha Hawthorne, karibu na Chicago huko Amerika, wafanyakazi zaidi ya 20,000 walihojiwa kati ya mwaka 1928 na 1930. Hapo kwanza waliulizwa maswali yaliyopangwa. Ikaonekana kwamba mtu hujibu swali upesi, kisha hurudi kwenye lile linalomkaa moyoni. Basi njia ikabadilishwa, mfanyakazi akaachwa achague mwenyewe la kusema, na mazungumzo ya nusu saa yakawa ya saa moja na nusu. Mmoja alilalamika kwamba malipo ya kazi yake ni madogo. Aliposikilizwa ikajulikana pia kwamba mkewe yuko hospitali, naye ana wasiwasi wa deni la daktari. (Sisi watu wa chama tuwe macho hapa. Malipo yaweza kuwa madogo, na mke vilevile akawa mgonjwa. La pili halifuti la kwanza.) Mwaka 1957 Carl Rogers na Richard Farson wakaandika kijitabu juu ya kusikiliza kwa bidii kazini, maana msikilizaji naye ana kazi ya kufanya, hakai kama gunia.

Kazi yenyewe ni ipi? Tuchukue mfano wa kikundi kinachochimba mtaro wa maji katika ardhi yetu hii ya mawe. Mtu anakuja saa nne asubuhi, anasema: "Nimechoka na kazi hii. Kila siku ni mimi tu."

Kiongozi mmoja atajibu: "Sote tumechoka, bwana. Rudi kazini." Maneno yamekwisha, naye hakujua neno lo lote.

Kiongozi wa pili ananyamaza kidogo, kisha anasema: "Wasema kila siku ni wewe."

"Ndiyo. Wenzangu wanabadilishana kubeba mabomba. Mimi nimeshika sururu tangu Jumatatu."

"Tangu Jumatatu sururu, wala hupewi zamu ya mabomba. Naona limekuudhi."

"Limeniudhi, ndiyo. Na tena ile sururu mpini wake umepasuka. Tazama mkono."

Angalieni, ndugu zangu. Mkono wenye jeraha ulikuja katika neno la tatu. Kiongozi hakuuliza hata swali moja, wala hakutoa shauri. Alirudisha aliyosikia, pamoja na uchungu uliokuwamo. Sasa anayo mambo mawili ya kutenda. Mpini ubadilishwe na mkono ufungwe sasa hivi, na zamu zipangwe upya kesho asubuhi. Amwambie hivyo waziwazi, na saa ya kutenda.

Utajuaje kwamba umerudisha sawasawa? Msikilize anavyokujibu. Akisema "Ndiyo, na tena..." umefika. Akisema "La, sivyo," umekosea, lakini hapana hasara, kwa kuwa atakusahihisha na utajua zaidi. Akisema "Ndiyo" kavu na kutazama pembeni, basi umerudisha maneno ukaacha maana yake. Na ukirudisha neno kwa neno kama kasuku, mtu ataona unamdhihaki. Tumia maneno yako mwenyewe, machache kuliko yake.

Sasa mazoezi. La kwanza ni la watu watatu, na kanuni yake Rogers aliieleza mwaka 1951: hapana ruhusa kutoa maoni yako mpaka umeyasema kwanza maoni ya mwenzako, naye akubali kwamba ndivyo alivyosema. Wawili wachague jambo wasilopatana, lakini dogo. Kwa mfano, ni heri kulipwa kwa juma au kwa mwezi? Msianze na deni mnalodaiana. Mmoja aseme kwa dakika moja, mwenziwe arudishe, ndipo ajibu. Wa tatu anyamaze na kuhesabu ni mara ngapi mtu amejibu kabla ya kurudisha. Baada ya dakika tano mbadilishane. Mara ya kwanza mtacheka, na mtaona jinsi ilivyo vigumu, kwa maana mwenzako akisema wewe umekwisha kutengeneza jibu tumboni.

La pili ni la peke yako. Mtu akinyamaza, hesabu polepole mpaka tano kabla ya kufungua kinywa. Lifanye juma zima, nyumbani pia, simu ikiwa mfukoni. Mara nyingi ukifika tatu au nne utasikia mwenzako anaongeza neno, na neno hilo huwa na uzito kuliko la kwanza. Sisi wa huku hatupaswi kushindwa na hili. Mgeni akifika na mifugo kisimani hatuanzi na shida yake. Huulizwa habari za amani, za mvua, za malisho na za nyumbani, na kila jibu husubiriwa. Sijui kwa nini tukivaa viatu vya kazi twasahau adabu hiyo.

La tatu ni la daftari. Jioni andika mistari miwili ya jambo uliloambiwa na mtu mmoja. Kesho yake mwambie, "Jana nilikusikia hivi, ndivyo?" Sahihisha mbele yake. Lina faida hasa hapa Isiolo, ambako katika kikundi kimoja huyu anawaza kwa Kiborana, huyu Kisomali, huyu Kiturkana, Kisamburu au Kimeru, na wote wanakutana kwenye Kiswahili cha kazini. Usimwulize mtu, "Umefahamu?" Atasema ndiyo kwa heshima. Mwombe akuonyeshe mahali penyewe, au chombo chenyewe.

Njia hii ina mipaka. Mtu akipiga kelele kwamba udongo unapasuka ukingoni mwa mtaro, hapana kurudisha maneno. Watoe watu kwanza. Tena, kusikiliza si kukubali: waweza kumfahamu mtu kabisa, kisha ukamwambia hapana. Lakini ukimsikiliza mtu mara tatu juu ya mpini uleule uliopasuka, na mpini haujabadilishwa, hutamsikia mara ya nne. Atanyamaza, nawe utadhani amani imekuja. Jambo lililo juu ya uwezo wako, kama mshahara au saa za kazi, usilizime kwa maneno matamu. Mwambie, "Hili silo la kwangu," kisha mwende pamoja kwa mwakilishi wa chama, naye alieleze kwa kinywa chake.

Basi geuzeni viti, mkae watatu watatu, kila mtu na watu wasio wa kikundi chake. Tutaanza na lile la mshahara wa juma na wa mwezi. Mwenye saa atupigie kofi dakika tano zikiisha.