Kinachokabidhiwa, Badiliko na Mategemeo: Jinsi ya Kusoma Jedwali la Mantiki la Mradi

(Maelezo kwa wasimamizi wa miradi ya jamii, Meru na Embu)



Vikundi vingi vya pande hizi vimekwisha kukutana na jedwali la mantiki. Mradi wa Mlima Kenya Mashariki, ulioanza mwaka 2004, na ule wa Maliasili za Tana ya Juu, ulioanza 2012 na kuwa na ofisi yake mjini Embu, yote ilipata fedha kutoka Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD). Wafadhili wa aina hiyo hupanga kazi kwa jedwali hili, na kikundi kinachoomba ruzuku hutakiwa kueleza mradi wake kwa mpangilio huo huo. Jedwali lilibuniwa Marekani mwaka 1969 kwa ajili ya shirika la misaada la nchi hiyo. Kwa kawaida lina safu nne za kulala na safu nne za kusimama.

Ugumu huanza kwenye maneno. Maneno mawili tofauti ya Kiingereza hutafsiriwa kwa neno moja, "matokeo". Fomu nyingine husema "mazao", na mkulima husikia mahindi na maharagwe. Nyingine husema "pato", naye husikia pesa mfukoni. Kwa hiyo hapa yatatumika maneno matatu mepesi: kinachokabidhiwa, badiliko na mategemeo.

Mfano ni kikundi cha kaya 120 kinachotaka kuvuta maji ya kunyunyizia kutoka mto mmoja unaoshuka Mlima Kenya. Mpango ni kujenga banio mtoni, kulaza bomba la kilomita 6, kujenga tangi, na kuwafundisha wanachama kutumia rasharasha.

Safu ya chini kabisa ni kazi: kuchimba mtaro, kulaza bomba, kuendesha mafunzo. Juu yake ni kinachokabidhiwa, yaani kile kitakachokuwapo kazi ikiisha, ambacho mkaguzi anaweza kukigusa au kukihesabu: bomba la kilomita 6 linapitisha maji, tangi halivuji, kaya 120 zimeunganishwa, wanachama 120 wamefunzwa. Hayo yako mikononi mwa msimamizi. Akiwa na fedha, mafundi na muda, lazima ayakabidhi, na yasipokuwapo ni haki ya wanachama kumwuliza.

Safu inayofuata ni badiliko. Badiliko ni jambo ambalo watu wengine hufanya kwa kutumia kilichokabidhiwa. Katika mfano huu, ni kaya 80 kati ya 120 kulima nyanya au mishiri hata miezi ambayo mvua haipo. Msimamizi hawezi kumlazimisha mtu kupanda nyanya. Anaweza kumfikishia maji na maarifa, na uamuzi ukabaki kwa mwenye shamba. Juu kabisa ni lengo kuu: kipato cha kaya hizo kuongezeka. Mradi huchangia lengo hilo, lakini haulifikii peke yake, kwa kuwa kipato hutegemea pia bei ya soko, karo, magonjwa na mambo mengine mengi.

Swali moja hutenganisha kinachokabidhiwa na badiliko: nani anayefanya? Ikiwa ni mradi, ni kinachokabidhiwa. Ikiwa ni wanaohudumiwa na mradi, ni badiliko.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuandika "wanachama 120 wamefunzwa" kama badiliko. Ripoti itasema mradi umefaulu hata kama hakuna aliyewasha rasharasha shambani. La pili ni kinyume chake: kuandika "mavuno yameongezeka" kama kinachokabidhiwa. Hapo msimamizi amejitia kitanzi, maana ameahidi kitu ambacho mvua, wadudu na majirani zake ndio wenye kauli. Mavuno yakipungua, ataonekana ameshindwa kazi, ingawa kila mita ya bomba iko mahali pake. Kikundi kinaweza kukosa awamu ya pili ya fedha kwa sababu ya sentensi iliyowekwa safu isiyo yake.

Sasa mategemeo, ambayo karatasi nyingine huyaita dhana. Haya huandikwa safu ya mwisho upande wa kulia. Tegemeo ni jambo lililo nje ya uwezo wa mradi, lakini lazima liwe kweli ili ngazi moja iinue nyingine. Husomwa hivi: bomba likikamilika, na mto ukiwa na maji ya kutosha wakati wa kiangazi, basi kaya zitalima nje ya msimu wa mvua. Kwa hiyo tegemeo la mto huandikwa mbele ya kinachokabidhiwa, kwa sababu ndilo linalokiunganisha na badiliko lililo juu yake.

Kila tegemeo lipimwe kabla ya kuandikwa. Kwanza, je, mradi unaweza kulishughulikia wenyewe? Kamati nyingi huandika "kibali cha maji kitapatikana" kama tegemeo. Kuomba kibali kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji ni wajibu wa kikundi. Basi kuomba huko kuingizwe kwenye kazi, na kuwe na tarehe na bajeti. Pili, je, jambo lenyewe lina uwezekano gani? Likiwa karibu hakika, liachwe, maana litajaza karatasi bure. Likielekea kutimia lakini bila uhakika, liandikwe na lifuatiliwe. Likielekea kutotimia, mradi ubadilishwe kabla ya kuchimba mtaro.

Mfano huu unagusa hapo hapo. Mvua za pande hizi huja kati ya Machi na Mei, kisha Oktoba hadi Desemba. Katikati yake mito hupungua, na ndipo kila mwenye bomba huyahitaji maji. Vikundi vya juu vikivuta mengi, walio chini hubaki na mawe. Tuseme chama cha watumiaji wa maji wa mto huo kimekwisha kugawa maji kwa zamu kila kiangazi. Basi kuandika "mto utakuwa na maji ya kutosha" ni kujidanganya. Kikundi kina njia tatu: kuongeza ukubwa wa tangi ili liweke akiba ya usiku, kupunguza kaya au eneo la kila kaya, au kuhamia matone badala ya rasharasha. Kila njia hubadilisha safu za chini za jedwali na bajeti, na ni nafuu kufanya hivyo kwenye karatasi kuliko kwenye mtaro.

Tegemeo lililobaki lipewe mtu wa kulitazama. Katibu anaweza kusoma mita ya banio kila Jumatatu na kuandika daftarini. Maji yakishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kamati iitishwe na mfadhili aarifiwe mwezi huo huo, bila kungoja ripoti ya mwisho wa mwaka.

Daftari hilo ndilo litakalomtetea msimamizi. Wanachama wakiuliza kwa nini ni kaya 50 tu zilizolima badala ya 80, ataonyesha mambo mawili kwa utaratibu: kilichokabidhiwa kiko kamili, na tegemeo la mto lilivunjika mwezi fulani, likaripotiwa siku fulani. Daftari likionyesha kwamba maji yalikuwapo mwaka mzima na bado kaya 50 tu ndizo zilizolima, basi sababu iko kwingine, huenda kwenye bei ya mbegu au soko, na kamati itajua pa kuanza kuuliza.