Kufupisha Hukumu Ndefu: Makosa Tunayoyaona

(Mada kwa wasaidizi wa kisheria wapya, Runazi)



Kazi yenu mara nyingi itaanza na mtu aliyeshika karatasi. Amepewa nakala ya hukumu, kurasa kumi au zaidi, naye anauliza: "Inasemaje?" Utakachomjibu ndicho atakachokwenda nacho nyumbani. Leo tutatumia hukumu moja ya majirani zetu wa Muleba, kwa kuwa ni ya kweli na inaonyesha vizuri mahali tunapojikwaa.

Bi. Holaria Pastory alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Alipozeeka, hana wa kumtunza, aliliuza mwezi Agosti 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, mwanaukoo, alifungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Alishinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua uamuzi huo. Bernardo akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, na Jaji Mwalusanya akatoa hukumu Februari 1990.

Kosa la kwanza ni kuchanganya sauti. Hukumu ya rufaa huanza kwa kueleza mdai alisema nini na mahakama za chini ziliamua nini. Msomaji mwenye haraka hukuta maneno "mauzo ni batili" kwenye kurasa za mwanzo, akayaandika kama uamuzi. Kumbe hayo ni ya Kashasha, na yameshatenguliwa. Dawa yake ni penseli. Pembeni mwa kila aya andika ni nani anayesema: mdai, mdaiwa, mahakama ya chini, au jaji mwenyewe. Ya jaji peke yake ndiyo yaingie kama uamuzi.

Kosa la pili ndilo zito, nasi tutakaa hapo kidogo. Jaji alisema kanuni ya urithi ya mwaka 1963, iliyomkataza mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, inapingana na Ibara ya 13(4) ya Katiba inayokataza ubaguzi. Hivyo mwanamke ana haki sawa na mwanamume. Rufaa ikatupwa. Wengi hufunga daftari hapo na kuandika: "Mama ameshinda, Bernardo ameshindwa."

Lakini endelea kusoma. Haki sawa ina maana pia ya masharti sawa. Mwanamume wa ukoo akiuza ardhi ya ukoo kwa mgeni bila ridhaa ya wenzake, wanaukoo wanaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Basi na hili shamba vilevile. Bernardo alipewa miezi sita tangu siku ya hukumu kulipa shilingi 300,000. Akilipa, shamba linarudi. Muda ukipita, ni la mnunuzi.

Sasa fikirini Bernardo amepewa ule muhtasari mfupi. Anakwenda nyumbani akijua ameshindwa, anakaa, na Agosti 1990 nafasi yake imekwisha. Na mnunuzi naye, kwa muhtasari huohuo, anaanza kujenga mapema. Hakuna neno la uongo lililoandikwa, na wote wawili wamepotoshwa. Kwa hiyo anzeni kufupisha kutoka ukurasa wa mwisho, penye amri. Maneno kama "endapo", "isipokuwa" na "ndani ya" yanakiliwe yalivyo, pamoja na kiasi na tarehe. Tena msiandike "miezi sita" tu. Hesabuni mwandike siku yenyewe. Muhtasari ukirefuka kwa mistari miwili, sisi hatuoni hasara.

Kosa la tatu ni kuinyoosha hukumu kupita alipofika jaji. Mtu husikia habari hii akasema, "Tangu 1990 mwanamke anarithi sawa na mwanamume, jambo limekwisha." Halikwisha. Baadaye wajane wawili walipinga kanuni za mila za urithi mbele ya Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kuwa zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Kwa hiyo juu ya kila muhtasari andikeni jina la mahakama na mwaka, na msimwahidi mama mwenye shamba lake hapa Runazi matokeo ya kesi ya mtu mwingine.

Baada ya chakula mtakaa wawili wawili. Mmoja atafupisha hukumu mtakayopewa. Mwenzake, ambaye hajaisoma, atatumia muhtasari huo peke yake kujibu: nani anatakiwa kufanya nini, kwa nani, kwa kiasi gani, na mwisho ni siku gani? Akikwama popote, karatasi irudi kwa mwandishi.