Mlangoni kwa Umm Salama: Dua za Kutoka na Kuingia



Huenda mlitaraji nizipitie dua zote za nyumbani na msikitini, moja baada ya nyingine. Hizo mlizihifadhi mkiwa watoto, na aliyezisahau atazikuta katika Hisnul Muslim, kile kitabu cha mfukoni cha Sheikh Said bin Ali bin Wahf al-Qahtani. Mimi nimekuja na ugomvi.

Ipo kauli iliyoenea mimbarini na kwenye karatasi zinazobandikwa milangoni, kwamba dua ya kutoka nyumbani ni kinga: isome, na hutapata ajali, hutaibiwa, husuda ya watu haitakufika. Jirani yangu mmoja, kijana wa bodaboda, alinijia akiwa amevunjika moyo. Alikuwa ameisoma dua bila kukosa herufi, na jioni ile ile pikipiki ikaibiwa. Akauliza kama dua ina tarehe ya kuisha. Sikucheka, kwa sababu swali lake ni matokeo halali kabisa ya alichofundishwa.

Nianze na hoja yenye nguvu zaidi ya wenzetu wanaoishikilia kauli hiyo, maana si haki kumshinda mtu kwa hoja yake dhaifu. Anas bin Malik amepokea kwamba mtu akitoka nyumbani aseme: Bismillahi, tawakkaltu ala Llahi, la haula wala quwwata illa billahi. Yaani, kwa jina la Mwenyezi Mungu, nimemtegemea Yeye, na hakuna hila wala nguvu ila kwake. Hapo huambiwa kwamba ameongozwa, ametoshelezwa na amekingwa. Wanasema: neno kukingwa si hilo hapo? Ndilo. Lakini someni habari hadi mwisho wake. Shetani hujitenga naye, na shetani mwingine humuuliza mwenzake atampataje mtu aliyekwisha kuongozwa na kukingwa. Hakuna mwizi katika habari hii, wala gari lililokatika breki. Aliyerudi mikono mitupu ni yule anayemtaka mtu atende maasi. Sikatai kwamba Mwenyezi Mungu humlinda mja wake na ajali akitaka. Ninachokataa ni kuigeuza habari hii iwe mkataba wa bima.

Wenzetu wakiishia kwa Anas, mimi huenda kwa Umm Salama, na hapa naomba mnivumilie kwa kuwa nampenda mama huyu. Jina lake ni Hind binti Abi Umayya. Abu Daud, aliyefariki mwaka 275 Hijria, ameweka habari yake katika mlango wa adabu. Anasema Mtume hakutoka kamwe nyumbani kwake ila aliinua macho mbinguni, kisha akaomba: Allahumma inni audhu bika an adhilla au udhalla, au azilla au uzalla, au adhlima au udhlama, au aj-hala au yuj-hala alayya. Anaomba ulinzi asipotee wala asipotezwe, asiteleze wala asitelezeshwe, asidhulumu wala asidhulumiwe, asiwafanyie watu ujahili wala asifanyiwe. Ujahili hapa ni ufedhuli na ghadhabu ya mtu aliyekosa upole, hauhusiani na kutokujua kusoma.

Hesabuni. Mambo manane, jozi nne, na katika kila jozi linalotangulia ni lile ambalo mwenye kutoka angelitenda mwenyewe. Kauli ya kinga imechukua nusu ya dua hii, ile ya kutendewa, na kuitupa nusu iliyotangulia. Maalim wangu wa kwanza, mtu mkali na mfupi, alitusimamisha kizingitini tukiisoma, na mtoto aliyetaja kudhulumiwa kabla ya kudhulumu alirudishwa mwanzo. Hakutueleza sababu, nafikiri aliona inatosha.

Najua wanafunzi wa hadithi waliokaa nyuma wanajiandaa kuniuliza isnadi. Ni haki yao. Habari hii imepita kwa Amir ash-Shaabi wa Kufa, na Ali bin al-Madini alikana kwamba Shaabi alimsikia Umm Salama. Al-Hakim alisema kinyume, kwamba aliingia kwake. Tirmidhi aliihukumu kuwa hasan sahihi. Kwa umri, kukutana kwao kunawezekana, lakini kuwezekana si kuthibiti, na kauli ya mjuzi wa kasoro za hadithi kama Ibn al-Madini haitupwi kwa kukadiria miaka. Basi nakubali kwamba mnyororo una shaka mahali hapo. Hata hivyo, maana yake haisimami peke yake, kwa kuwa hakuna asiyejua kwamba dhulma ni haramu, na katika dua jambo kama hili wanazuoni wengi wamelipokea. Nami ninabaki pale nilipokuwa: hii ndiyo dua ya kutoka.

Mnisamehe nikiongeza jambo moja ambalo si dalili, ni mapenzi tu. Hudaibiya, mwaka wa 6, masahaba walipokawia kuchinja na kunyoa, ni Umm Salama huyu huyu aliyemshauri Mtume atoke bila kusema na mtu, achinje mnyama wake na amwite wa kumnyoa. Akatoka, na watu wakamfuata. Sishangai kwamba mwanamke aliyejua uzito wa mtu kutoka mbele ya watu ndiye aliyekumbuka alichokisema Mtume mlangoni.

Kumbukeni pia kwamba vyumba vya wake za Mtume vilikuwa ubavuni mwa msikiti. Aliyetoka humo mara nyingi alikuwa hatua chache tu kufika kwenye mswala, na bado aliomba asimdhulumu mtu. Kisha mlango wa pili, tunaoujua kwa Muslim: anayeingia msikitini aombe afunguliwe milango ya rehema, Allahummaftah li abwaba rahmatik, na anayetoka aseme, Allahumma inni as-aluka min fadhlik, nakuomba katika fadhila zako. Fadhila ni nini, Sura ya Ijumaa, aya ya 10, imekwisha kutuonyesha: sala ikimalizika watu watawanyike katika ardhi wakatafute riziki. Ndiyo kusema anayetoka msikitini anaelekea mizanini, kwenye mikopo na mishahara, mahali ambapo kudhulumu ni rahisi kuliko penginepo.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu kijana yule. Nilimwambia dua yake haikuisha tarehe. Nikamuuliza, siku ile aliyoibiwa, je, abiria aliwarudishia chenji zao, na kona ya shule aliipita kwa mwendo gani? Alinyamaza, kisha akasema pikipiki bado hana. Ni kweli, hana. Tulikwenda polisi, na suala la mwizi liko huko.

Kurudi nyumbani nitakupitia haraka. Jabir amepokea kwamba anayemtaja Mwenyezi Mungu anapoingia na anapokula, shetani huwaambia wenzake hawana pa kulala wala chakula cha usiku. Na Sura ya Nur, aya ya 61, inaamrisha salamu tunapoingia majumbani. Ikiwa nyumba haina mtu, imepokewa kwa Ibn Umar kusema: Assalamu alayna wa ala ibadi Llahis-salihin. Ikiwa wamo watu, mume aliyetoa salamu kwa mkewe amemwahidi amani, na amani hiyo huanza na ulimi na mkono wa huyo huyo aliyeingia. Atakayebisha, kipindi cha maswali kimefika.