Usipime ng'ombe kwa macho: juu ya nagana na dawa zake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Goma



Mimi naenda kila mwezi kuangalia ng'ombe za wanachama. Leo nitawaeleza juu ya ng'ombe tatu tu. Zilinunuliwa kwa mkopo wa chama kule milima ya Masisi, halafu zikapelekwa chini, upande wa uwanda wa Ziwa Edward, kwa familia moja iliyorudi nyumbani. Masisi kule juu kuna baridi, mbung'o hawapendi. Lakini ziwa lenyewe liko karibu mita 900 tu juu ya bahari, kuna joto, vichaka na wanyama wa pori. Hapo mbung'o, yule inzi tunayemwita tsetse, anakaa vizuri. Ng'ombe ya milimani ikishuka kule inakutana na ugonjwa ambao damu yake haiujui. Sisi hatukufikiria hilo wakati wa kununua. Kosa la kwanza lilikuwa letu.

Baada ya miezi miwili mzee mwenye ng'ombe alinipigia simu: "Mwanangu, ng'ombe zinakula, lakini hazishibi. Zinaisha." Alisema vizuri kuliko kitabu. Nagana haiui haraka. Homa inakuja na kuondoka, maziwa yanapungua, manyoya yanasimama, machozi yanatoka, mimba inaweza kuharibika. Ng'ombe inaendelea kula lakini mbavu na mifupa ya kiuno inatokea nje. Vijidudu viko ndani ya damu, na mwili unaharibu chembe nyekundu za damu upesi kuliko unavyotengeneza mpya.

Kwa hiyo angalieni damu. Fungua mdomo uangalie ufizi, vuta chini kope ya jicho. Kwa ng'ombe mzima utaona rangi ya waridi. Ile jike kubwa ya mzee ilikuwa nyeupe kama karatasi. Pia gusa mbele ya bega: tezi za pale zinaweza kuvimba.

Lakini ngoja, usikimbilie shindano. Weupe wa jicho unaletwa na minyoo pia. Mkojo mwekundu unaonyesha ugonjwa mwingine wa kupe. Homa kali, tezi kubwa na kuhema kwa shida, halafu kifo ndani ya siku chache, hiyo ni ndigana kali, ile wengi wetu tunaita ikibagarira; dawa ya nagana haiiponyeshi. Na kuna mtego mmoja: diminazini, ile dawa ya njano, inaponyesha nagana na pia ule ugonjwa wa mkojo mwekundu. Ng'ombe ikipona baada ya shindano, haimaanishi ilikuwa na nagana. Jibu la kweli linatoka kwenye damu. Unachukua tone ndani ya kimrija chembamba, mashine inakizungusha dakika chache, chembe nyekundu zinashuka chini. Zikiwa chini ya asilimia 24 hivi, damu imepungua. Kisha kwa darubini unaangalia pale chembe zinapokutana na maji ya damu: vijidudu vikiwapo, mara nyingi utaviona vinacheza. Jike la mzee lilikuwa na asilimia 18, na vijidudu viliwapo.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Mzee alikuwa amekwisha kupiga shindano kabla sijafika! Alinunua pakiti moja ya dawa ya njano sokoni, akaikoroga, akagawa kwa ng'ombe zote tatu. Kwa wiki moja zilichangamka. Halafu zikarudia.

Nilichukua kamba ya kupimia. Jike kubwa: kifua nyuma ya miguu ya mbele, sentimita 145, urefu kutoka ncha ya bega mpaka mfupa wa tako, sentimita 125. Unazidisha kifua kwa kifua, unazidisha kwa urefu, unagawa kwa 10,840. Inatoka kilo 242. Mzee alikuwa amekadiria kilo 150. Ya pili ilikuwa kilo 260, ya tatu 198. Jumla kilo 700.

Pakiti ile ya dawa ya njano ina gramu 1.05 za diminazini. Inatosha kilo 300, basi. Ikikorogwa na kufikia mililita 15, unapiga mililita 5 kwa kila kilo 100. Ng'ombe zake zilihitaji mililita 35. Zilipata 15 kwa zote tatu, chini ya nusu.

Nusu ya dawa haileti nusu ya kupona. Inaua vijidudu dhaifu na kuacha vile vyenye nguvu. Hivyo vinazaana, mbung'o anavinyonya na kuvipeleka kwa ng'ombe za jirani. Mwisho hata atakayepiga dozi kamili atashangaa dawa haishiki. Mzee alitaka kuokoa franga za pakiti mbili, na hakuwa mjinga. Hakuna aliyempa kamba.

Tulifanya hivi. Tulipiga dozi kamili kwa uzito uliopimwa, ndani kabisa ya nyama, kila ng'ombe na sindano yake safi, kwa sababu damu kwenye sindano inahamisha ugonjwa. Baada ya siku 14 tulipima tena. Mbili zilikuwa safi. Jike kubwa lilikuwa bado na vijidudu. Hapo hatukurudia dawa ya njano. Tulienda kwa isometamidiumu, ile nyekundu, ambayo ni ya ukoo mwingine. Ndiyo sababu dawa hizi mbili zinakwenda pamoja kama akiba: kinachoshinda ya kwanza, mara nyingi hakishindi ya pili. Nyekundu inaweza kukinga miezi miwili mpaka minne, lakini mukiipiga ovyo kwa kila ng'ombe nzima, mutaipoteza nayo. Na maziwa na nyama, ngojeni siku zilizoandikwa kwenye pakiti.

Lile jike halikuishi. Damu ilikuwa imekwisha sana. Familia bado iko na deni la ndama.

Lakini dawa peke yake ni kuteka maji kwa kikapu kama inzi wanaendelea kuuma. Mbung'o kwa sehemu kubwa anauma ng'ombe kubwa kwenye miguu na tumbo. Basi paka deltametrini hapo, si mwili mzima. Uganda wamefanya hivyo, na dawa inatumika kidogo sana. Kwenye njia ya maji, weka vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyolowekwa dawa hiyo: buluu inamvuta, nyeusi anatua. Mbung'o jike hatagi mayai mengi kama inzi wa nyumbani. Anazaa funza mmoja tu kila siku tisa au kumi. Ukiua wachache kila siku, hawawezi kujaza pengo. Unguja walimmaliza kabisa miaka ya 1990, wakiongeza madume tasa waliofugwa, lakini kile ni kisiwa. Sisi tuko kando ya mbuga. Inzi watarudi, kwa hiyo vitambaa vinabadilishwa na majirani wote wanapaka pamoja.

Naomba mambo mawili. Wanachama, kila kikundi kiwe na kamba yake, na hakuna pakiti itakayofunguliwa kabla ng'ombe haijapimwa. Wafadhili, kabla ya kututumia sanduku lingine la dawa, mutusaidie kupata mashine ya kuzungusha damu na darubini. Tukijua ng'ombe ipi inaumwa nini, dawa tuliyonayo itatosha muda mrefu zaidi.