Primu ya mara moja ao mushahara wa musingi?

Walimu wanaijua hii hadithi: masomo ya primeri yalipofanywa bure mu 2019, walipewa primu ya gratwite, kando ya mushahara wa musingi.

Tuhesabu pamoja. Unalipwa franka 200.000 kwa mwezi. Patro anakupa primu ya 120.000 mara moja, ao anaongeza 10.000 kila mwezi. Mwaka wa kwanza ni sawasawa, na primu inapendeza kwa sababu iko yote mu mukono.

Mwaka wa pili wote wanaongezewa 10%. Mwenye primu anafika 220.000, yule mwingine 231.000, maana asilimia inahesabiwa juu ya musingi. Mwaka wa tatu tena 10%: 242.000 na 254.100. Ile 10.000 imekuwa 12.100 bila kuomba tena. Kwa myaka mitatu imeleta 397.200, primu imebakia 120.000.

Lakini kama kontra yako ni ya myezi sita tu, kamata primu. Kama ni ya kudumu, angalia kwenye karatasi ya malipo: nyongeza imeandikwa ku mustari wa mushahara wa musingi, ao ku mustari wa primu?