Mfuko wa Dona Mezani: Kueleza Kazi ya Grafiki Mbele ya Jopo la Usaili



Nimepewa mada ya usaili wa potifolio. Nimeona nisiizungumzie kwa ujumla, bali niwasimulie usaili mmoja ambao mimi nilikuwa upande wa wasaili, kwa sababu ndani yake yalitokea karibu yote ninayotaka kuyasema.

Kampuni moja ya vyakula hapa Dar es Salaam ilikuwa inatafuta mbunifu wa vifungashio, ikaniomba niingie kwenye jopo. Tulikuwa watu watatu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja meneja wa masoko, wa pili mzee msimamizi wa uzalishaji aliyezeekea kwenye mashine za kuchapa mifuko, na wa tatu mimi. Kwa hiyo wawili kati ya watatu hawakuwa wabunifu, na wao ndio waliokuwa na sauti kubwa ya mwisho. Hali hiyo ni ya kawaida kabisa. Anayekuajiri mara nyingi hajui fonti inaitwaje, lakini anajua bidhaa yake, anamjua mteja wake, na anajua fedha zilivyomtoka mara ya mwisho kazi ilipoharibika.

Kila msailiwa alikuwa na dakika 20. Wengi walifungua kompyuta na kuanza kupitisha kazi moja baada ya nyingine: hii ni nembo, hili ni bango, hii ni kadi ya harusi. Kazi 30 zikapita, nyingine nzuri kweli, na tulipobaki peke yetu hatukuweza kusema ni yupi aliyefikiri na ni yupi aliyepata bahati. Kazi iliyokamilika haisemi ilitoka wapi. Haionyeshi ni nini kilikataliwa, nani alipiga picha, nani alichagua rangi, wala kama mteja mwenyewe ndiye aliyekuja na wazo.

Kisha akaingia binti mmoja aliyekuja na kazi sita tu, na dakika 12 za mwanzo akazitumia kwenye kazi moja. Hakuanza na kompyuta. Aliweka mezani mifuko miwili ya unga wa kilo 2, mmoja wa sembe na mmoja wa dona, akasema: "Mwenye kinu alikuwa anarudishiwa unga. Watu waliotaka dona walikuwa wanapewa sembe, kwa sababu mifuko ilifanana." Sentensi mbili, na mama wa masoko akaacha kuangalia simu. Jopo lilikuwa limeshapata kipimo cha kuipimia kazi hiyo kabla halijaonyeshwa rangi wala herufi.

Halafu akatuonyesha picha alizopiga kwenye maduka manne ya mtaani, maduka ya kwa Mangi mnayoyajua. Picha hizo zilikuwa na jambo ambalo mimi, pamoja na miaka yangu yote, sikuwa nimelitilia maanani. Muuza duka haisimamishi mifuko ya unga kama inavyosimama kwenye mabango yetu. Huilaza na kuipanga mmoja juu ya mwingine, ili rafu ibebe mingi. Mteja aliyesimama nje ya kaunta, kama mita 2 hivi, haoni uso wa mfuko. Anaona kitako. Kwenye mifuko ya zamani kitako kilikuwa cheupe tupu. Kwa hiyo kosa la kutoa sembe badala ya dona halikuwa la muuzaji wala la mteja.

Rasimu zake zilikuwa tatu, na alizionyesha zote, pamoja na zile zilizoshindwa. Ya kwanza ilikuwa na shamba la mahindi na familia iliyokaa mkekani. Aliichapa kwa ukubwa wake halisi, akaibandika kwenye mfuko wa unga, akaupeleka dukani na kuulaza. Hakikuonekana chochote. Ya pili iliweka neno DONA kubwa usoni na kwenye kitako, kwa kijani, huku sembe ikipewa nyekundu. Hiyo ikaonekana vizuri, lakini maelezo madogo ya nyuma, yaliyokuwa meupe ndani ya kijani, yaliharibika kiwandani. Akatoa mfuko wenyewe ulioharibika. Uchapaji wa mifuko ya namna hiyo hutumia pleti laini inayokandamiza wino kwenye plastiki, na wino ukikandamizwa hutambaa kidogo. Herufi nyeupe iliyozungukwa na wino ikiwa ndogo huvamiwa pande zote, na matundu ya a na e huziba. Kwenye rasimu ya tatu aligeuza: maandishi ya kijani juu ya weupe, ambayo wino ukitambaa hunenepa tu na kubaki yanasomeka. Yule mzee wa uzalishaji aliuchukua mfuko ule mbovu, akaugeuza mkononi mara mbili, na tangu hapo alimsikiliza kama mtu wa kazi.

Ninakaa kwenye rasimu zilizoshindwa kwa sababu vijana wengi huzificha. Wanadhani jopo litaona udhaifu. Jopo huona kitu kingine: kwamba ukikosea utajua umekosea, na kwamba una njia ya kujua kabla mifuko elfu kadhaa haijachapwa. Lakini zisiwe nyingi. Tatu zinatosha, na kila moja ieleze imekufa kwa sababu gani.

Mama wa masoko ndiye aliyeanza kukosoa. "Mbona patupu hivi? Ningeweka picha ya ugali hapa, na samaki pembeni."

Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Mimi mwenyewe niliwahi kuulizwa swali la aina hiyo nikiwa kijana, nikajibu kwamba ndivyo ubunifu wa kisasa ulivyo. Jibu hilo linamfungia mlango aliyeuliza, kwa maana linamwambia hana elimu ya kuuliza. Kazi ile sikuipata, na sikustahili kuipata.

Binti yule alifanya tofauti. Alisema: "Samahani mama, huo weupe unakupa wasiwasi gani?" Mama akafikiri kidogo, akasema mteja ataona ni unga wa bei rahisi. Tazameni tofauti iliyopo. Maoni ya kwanza yalikuwa dawa: weka picha ya ugali. Maoni ya pili yalikuwa ugonjwa wenyewe: mfuko usije ukaonekana wa bei rahisi. Dawa unaweza kubishana nayo mpaka jioni, ila ugonjwa unaweza kuushughulikia, na mara nyingi asiye mbunifu ugonjwa huuona sawasawa hata kama dawa yake si sahihi.

Akamwomba mama asimame mlangoni, kisha akainua karatasi mbili: mfuko wenye picha ya ugali na mfuko wake. Alikuwa ameshajaribu picha hiyo kabla. Ili picha ipate nafasi, neno DONA lilibidi lipungue mpaka theluthi moja ya ukubwa wake. Kutoka mlangoni mama aliliona moja, na la pili akalisoma kwa kukunja macho. Hakuna aliyetaja kanuni yoyote. Kuhusu wasiwasi wa bei rahisi, binti alisema anaukubali, kwamba plastiki nyembamba inang'aa vibaya, na kwamba angependekeza picha ya ugali iwekwe nyuma ya mfuko, mahali ambapo mtu huitazama akiwa ameshaununua. Mama hakuridhika kabisa. Alisema bado angetaka kuiona mbele. Binti akaandika hilo kwenye daftari lake, basi, wakaendelea. Si kila maoni lazima yamalizwe pale pale.

Niseme kidogo juu ya lugha. Tunapomweleza mtu kwa nini kitu kimoja kimekuwa kikubwa na kingine kidogo, tuna hazina ambayo tunaisahau. Karibu kila aliyekulia kwenye nyumba zetu anaijua kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Anajua jina la kanga lina mahali pake, na kwamba pindo lipo ili mji ushikike. Nikimwambia meneja kwamba kwenye bango lake nimeweka "jina" pake na nimeacha "pindo" lipumue, ananielewa kuliko nikimwambia habari za mpangilio wa umuhimu wa taarifa. Lakini mfano huo utumike unapolingana na kitu kweli. Ukiulazimisha kwenye nembo isiyo na pindo wala mji, unamchanganya.

Ukosoaji wa pili ulitoka kwa yule mzee, na ulikuwa mzito zaidi. Aliuchukua mfuko wa sembe, akauelekeza kwa binti upande wa bakodi. "Hii haisomeki."

Bakodi ya sembe ilikuwa nyekundu juu ya weupe, kwa sababu mfuko ule ulikuwa na wino mmoja tu. Mashine nyingi za kaunta husoma bakodi kwa mwanga mwekundu. Wekundu huurudisha mwanga huo karibu sawa na weupe, kwa hiyo mashine haioni mistari, inaona ukurasa mtupu. Bakodi ya dona ilikuwa salama, maana kijani kilichokolea hunyonya mwanga mwekundu na mistari huonekana myeusi. Kosa halikuwahi kugundulika kwa sababu unga ule uliuzwa kwa Mangi tu, ambako hakuna mashine. Kampuni yetu sisi ilikuwa inauza supamaketi.

Nilimtazama binti. Hakutafuta wa kumsingizia. Alisema, "Mzee, sikulijua hili," kisha akauliza kama ni nyekundu peke yake au na chungwa pia. Mzee akajibu, na chungwa pia. Akaandika. Halafu akafikiri kwa sauti mbele yetu: anaweza kuongeza wino mweusi kwa ajili ya bakodi na maelezo madogo, lakini hiyo ni pleti ya ziada na gharama yake; au anaweza kubadilisha sembe kuwa bluu iliyokolea, ambayo mashine inaisoma, wino ukabaki mmoja. Akaongeza kwamba bluu inambidi aijaribu tena dukani, kwa kuwa hajui kama kwenye rafu yenye giza itatofautiana vya kutosha na kijani.

Kwangu mimi, sekunde zile zilikuwa na uzito kuliko zile dakika 12. Alikubali kosa bila kuibomoa kazi yote, na hakuruka kwenye suluhisho la kwanza.

Mama akamuuliza swali la mwisho, swali ambalo huwaponza wengi: mauzo yalipanda? Alijibu kwamba takwimu za mauzo hakupewa. Anachojua ni kwamba alirudi kwenye maduka yale manne baada ya mwezi, na wauzaji watatu walimwambia wamepunguziwa ugomvi wa kubadilishiana mifuko. Wa nne hakuwa ameletewa mifuko mipya. Picha, akaongeza, zilipigwa na yeye. Ile bakodi alipewa na mwenye kinu, lakini rangi yake aliichagua mwenyewe.

Tulimwajiri. Kwenye mfuko wa kwanza aliotengeneza pale, ugali ulikaa nyuma, na mama wa masoko bado anaudai uje mbele.