Mpaka Mmoja, Mstari Mmoja

Somo letu la leo ni juu ya kurahisisha mipaka ya wilaya ili ramani ifunguke upesi katika simu. Mfano wetu ni Manispaa ya Morogoro, pamoja na jirani zake wawili, Mvomero na Morogoro Vijijini.

Katika kompyuta, mpaka si mstari kamili. Ni nukta nyingi zilizofuatana, zikaunganishwa kwa mistari mifupi. Mpaka upitao katika Milima ya Uluguru hupindapinda sana, kwa hiyo nukta zake ni nyingi. Lakini kilomita 300 zikiwekwa katika sentimita 6 za kioo cha simu, milimita moja ni kilomita 5. Kona ya mita 100 haionekani kabisa, lakini nukta zake zinaifanya ramani kuwa nzito. Basi yafaa tupunguze nukta.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wao huchukua Mvomero wakaipunguza peke yake, kisha Morogoro Vijijini nayo peke yake. Tuseme sehemu ya mpaka wao ina nukta tano, nasi twataka kuacha moja na kutoa moja. Hesabu ya Mvomero inaanzia nukta ya kwanza, basi zinabaki ya 1, ya 3 na ya 5. Hesabu ya Morogoro Vijijini inaanzia mahali pengine, basi zinabaki ya 2 na ya 4. Mpaka ulikuwa mmoja, sasa imekuwa mistari miwili. Mahali pengine pana ufa, na mahali pengine wilaya mbili zimepandana. Mtu wa Mgeta aweza kugusa ramani ili ajue wilaya yake, akaambiwa hana wilaya, au akaambiwa anazo mbili.

Dawa yake twaijua kutoka shambani. Jirani wawili hawavuti kamba mbili katika mpaka mmoja. Huvuta kamba moja, na kila mmoja hulima mpaka kwenye kamba hiyo. Kompyuta nayo hufanya hivyo kwa hatua tatu.

Kwanza, hutafuta nukta za makutano, yaani mahali wilaya tatu zinapokutana. Manispaa, Mvomero na Morogoro Vijijini zinapokutana pana nukta ya namna hiyo. Nukta hizo haziondolewi.

Pili, hukata mipaka katika makutano hayo, na kila kipande hukiweka mara moja tu. Mvomero na Morogoro Vijijini hazina tena mistari yao wenyewe. Kila moja inakumbuka tu ni vipande gani vinavyoizunguka.

Tatu, hupunguza nukta za kila kipande. Njia moja ni kupima pembetatu ambayo nukta inafanya pamoja na jirani zake wawili. Nukta ya 2 ina pembetatu ya kitako cha mita 400 na kimo cha mita 60. Eneo lake ni mita za mraba 12,000. Nukta ya 3 ina kitako cha mita 500 na kimo cha mita 10. Eneo ni 2,500. Nukta ya 4 ina kitako cha mita 600 na kimo cha mita 30. Eneo ni 9,000. Nukta ya 3 ndiyo inayotoka kwanza, kwa kuwa ikiondoka umbo halibadiliki sana. Kisha nukta ya 2 na ya 4 hupimwa upya, maana jirani zao wamebadilika.

Programu iitwayo `mapshaper` hufanya kazi hii yote kwa amri moja:

```
mapshaper -i wilaya.shp snap -simplify 10% keep-shapes -o wilaya.json format=topojson
```

Neno `snap` huunganisha nukta zilizoachana kidogo sana. Alama `10%` ni sehemu ya nukta zinazobaki. Neno `keep-shapes` huzuia wilaya ndogo isipotee.

Lakini angalieni: ikiwa mchoraji aliuchora mpaka huo mara mbili, mistari ikaachana mita kadhaa, kompyuta haitajua kwamba ni mpaka mmoja. Kosa hilo lazima lirekebishwe kabla ya kupunguza.

Kupima kazi yenu, wekeni rangi nyekundu chini ya ramani yote, na wilaya juu yake. Wekundu ukichungulia kati ya wilaya mbili, pana ufa. Tena, zipakeni wilaya rangi nyepesi inayopenya mwanga. Palipokoza rangi, zimepandana.

Tena, msitupe faili la kwanza. Ramani iliyorahisishwa ni ya kutazama tu. Shamba lililo karibu na mpaka laweza kuonekana upande usio wake, basi mtu asiipeleke kuamulia ugomvi wa ardhi.

Maswali:
1. Kwa nini nukta za makutano haziondolewi?
2. Nukta ina kitako cha mita 300 na kimo cha mita 20. Je, itatoka kabla ya nukta ya 4 katika mfano wetu, au baada yake?